Wakuu, petroli imetoka yenyewe kwenye mfuniko juani. Ni kweli tenki halitakiwi kujazwa mpaka mdomoni?

#1 BodaWaIsevya
Wakuu habari za jioni. Nipo Tabora mjini napiga boda, pikipiki yangu cc 125, tenki linachukua kama lita 11. Jua la huku kabla mvua hazijaanza mnalijua. Juzi mchana nilikuwa na abiria wa kesho yake kwenda Sikonge, nikaona nijaze kabisa ili asubuhi nisipoteze muda, nikamwambia dada wa sheli ajaze mpaka petroli ionekane mdomoni pale juu. Tukafunga mfuniko, nikapaki juani nje ya mgahawa nikaingia kula. Kutoka nakuta petroli imetokea kwenye mfuniko imeshuka ubavuni mwa tenki, stika imeanza kubanduka na nyingine inadondokea injini ambayo bado ya moto. Hakuna mtu aliyeigusa. Mzee mmoja pale akasema ndo maana hawashauri kujaza mpaka juu wakati wa joto, mafuta yanatanuka. Sasa kutanuka kwa muda wa kula ugali tu kunaweza kutoa mafuta ya kuonekana vile? Au mfuniko ndo mbovu? Na nikijaza asubuhi ndo salama?

#2 Kamanda_Ipuli
Kaka mshukuru Mungu tenki halikupasuka. Kuna ujumbe unazunguka kwenye magrupu kila mwaka, kampuni ya mafuta imeonya kabisa kwamba msimu wa joto tusijaze tenki, tuweke nusu tu, la sivyo linalipuka lenyewe juani. Mimi naweka nusu siku zote.

#3 FundiKabureta
@Kamanda huo ujumbe ulizunguka sana India ukiwa na jina la Indian Oil, na Indian Oil wenyewe wakaukanusha, wakasema jaza mpaka kiwango alichoweka mtengenezaji hakuna tatizo. Petroli haiwaki yenyewe kwa jua. Ili iwake bila cheche inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 200, na tenki lako hata lichomwe na jua la Tabora mchana kutwa halifiki hata 80. Ila hiyo ya kudondokea injini ya moto au waya wa plagi unaopiga cheche ndo hatari yenyewe, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa unashuka chini unatambaa, ukikutana na cheche umekwisha.

Na nusu tenki sio salama zaidi kwa upande wa moto, nusu ya juu inajaa mvuke.

Sasa swali la mleta uzi. Ndiyo, kutanuka peke yake kunatosha. Shika hesabu moja tu: lita moja ya petroli ikipanda joto kwa nyuzi 1 inaongezeka karibu mililita 1. Petroli inayotoka kwenye tenki la chini ya ardhi pale sheli ni ya baridi, kwa Tabora ichukulie nyuzi 25 hivi. Tenki lako ni bati, lipo juani, chini yake kuna injini iliyotoka kukimbia. Petroli ikifika 45 imepanda nyuzi 20. Lita 11 mara 20 ni mililita 220, kiukweli ni pungufu kidogo ya hapo tuseme 200. Hiyo ni zaidi ya nusu chupa ya soda, na wewe umeshajaza mpaka mdomoni, itakaa wapi?

#4 Mwl_Urambo
Fundi umeeleza vizuri lakini umesahau kitu, tenki nalo ni chuma na chuma kinatanuka kikipata joto. Tenki linakuwa kubwa, kwa hiyo nafasi inaongezeka na mafuta hayamwagiki. Tulifundishwa hivyo, vitu vyote vinatanuka.

#5 FundiKabureta
Mwalimu ni kweli vinatanuka vyote, shida ni kiasi. Petroli inatanuka zaidi ya chuma kama mara 25. Katika zile mililita 200 tenki la chuma linakupunguzia kama 8 tu. Hazionekani.

#6 Mwl_Urambo
Mara 25? Hapo sawa, nimekupata.

#7 MamaK_Kasulu
Samahani jamani naomba niulize hapa hapa, mimi nina gari dogo la petroli, kila nikijaza fultenki likizimwa pale sheli haliwaki mpaka nipige stata sana na kukanyaga mafuta, linanguruma vibaya kama dakika moja halafu linakuwa zima kabisa. Nikiweka mafuta ya elfu ishirini halifanyi hivyo. Ni hii hii ya kutanuka?

#8 Msafiri_Nzega
Mnazunguka bure. Hapa issue ni kuibiwa. Mafuta ya mchana yametanuka kwa hiyo unanunua hewa, ya asubuhi yamebana unapata mengi. Ndo maana wajanja tunajaza saa kumi na mbili asubuhi. Mamlaka walitakiwa waone hili.

#9 FundiKabureta
@MamaK yako ni nyingine, nakuja.

@Msafiri hiyo ya asubuhi ipo kwenye nadharia, kwenye sheli za kawaida haipo. Tenki la sheli limefukiwa, udongo wa chini haujui kama ni asubuhi au mchana, joto la mafuta mle ndani linabadilika taratibu sana. Hata tukisema tofauti ni nyuzi 3, kwenye lita 10 ni mililita 30. Ukitaka kujua kama unapunjwa angalia pampu imesoma sifuri kabla hajaanza, na ukiwa na shaka wapo Wakala wa Vipimo, hiyo ndo kazi yao. Saa haisaidii.

Kwa mleta uzi lakini kuna kitu cha kuangalia kuhusu asubuhi. Ukijaza mpaka mdomoni asubuhi petroli ni ile ile ya nyuzi 25, na mbele yako kuna mchana mzima. Usipoitumia itamwagika saa nane badala ya saa saba. Kinachokuokoa asubuhi ni kwamba unaondoka na kutembea, ukienda Sikonge njiani umeshachoma lita na zaidi, nafasi imepatikana.

#10 Boti_Kibirizi
Huku Kigoma sisi hili tunaishi nalo kwenye boti. Tenki dogo la injini ya nyuma lina skrubu ya hewa juu ya mfuniko, ukitembea unaifungua, ukilaza boti unaifunga. Vijana wanajaza tenki mpaka juu wanafunga skrubu wanaliacha juani pale mwaloni huku bomba la mafuta limechomekwa kwenye injini. Ukirudi tenki limevimba kama tumbo, na mafuta yamesukumwa yenyewe kwenye bomba mpaka ndani ya injini, ukivuta kamba haiwaki, plagi zimelowa. Wanasema injini mbovu. Dawa yake chomoa bomba ukiwa umepaki na usijaze mpaka juu, funika na turubai.

Halafu kuna madumu. Dumu la njano la lita 20 ukilipima ukweli linachukua 21 na zaidi mpaka mdomoni, hiyo nafasi ya juu imewekwa makusudi ila watu wanajaza mpaka itoke povu kwa sababu wanaenda mbali, Kalya huko kusini. Saa sita dumu limevimba, kifuniko kinalia, ukikifungua ghafla inakurukia usoni. Nimeona mtu macho yameungua hivyo.

#11 Kamanda_Ipuli
@Boti_Kibirizi sasa dumu kuvimba si ndo kunathibitisha linataka kulipuka?

#12 Boti_Kibirizi
Kuvimba na kulipuka tofauti kaka. Linapasuka kwenye mshono au kifuniko kinafyatuka, petroli inamwagika. Moto unaletwa na mtu mwenye sigara au jiko la mkaa la mama lishe aliye karibu.

#13 Dr_wa_Injini
Naona wote mnaongelea petroli yenyewe kutanuka, mimi naona hiyo ni sehemu ndogo. Kinachosukuma zaidi ni hewa na mvuke. Nieleze. Tenki nyingi za pikipiki ukifungua mfuniko ukachungulia utaona mdomo umeshuka ndani kidogo kama kola. Ukijaza mpaka petroli ifunike kola, kuna hewa inabaki imenaswa kwenye mabega ya tenki, kulia na kushoto, haina pa kutokea kwa sababu njia yake pekee ni mdomo na mdomo umezibwa na petroli. Jua likipiga, ile hewa inatanuka kuliko kimiminika mara nyingi, na juu yake petroli inatoa mvuke unaojaa mle mle. Ule msukumo unakandamiza petroli, petroli inapanda kwenye kola inatafuta kitundu cha hewa cha mfuniko inatoka. Ndo maana ilitoka nyingi na haraka. Kama ni petroli tu kutanuka ingechuruzika polepole.

Na ukipaki kwa stendi ya pembeni ndo mbaya zaidi, pikipiki inalala kushoto, hewa yote inakimbilia bega la kulia.

#14 FundiKabureta
@Dr hoja yako ya mabega naikubali, nimefungua matenki mengi na hiyo hewa ipo. Ila usiifanye ndo kila kitu. Kuna tenki za zamani hazina kola, mdomo umekatwa sawa na bati la juu, hewa yote inatoka wakati wa kujaza, na bado zinamwaga. Pale hakuna hewa iliyonaswa, ni petroli yenyewe.

#15 Dr_wa_Injini
Hata zile, bati la juu likiwa na mgongo au pikipiki ikiwa imelala kwenye stendi lazima kona moja ibaki na hewa. Hujawahi kujaza tenki bila hewa kabisa. Mimi nasema hewa na mvuke robo tatu, kimiminika robo.

#16 FundiKabureta
Hiyo robo tatu umeipima wapi mkuu? Tenki lenye hewa kidogo sana halina nafasi ya kusukuma sana, na hewa ikishapata njia inatoka msukumo unaisha. Kimiminika mililita 200 ni lazima zitoke ziwe na hewa ziwe hazina. Tunaweza kubishana mpaka kesho.

@MamaK_Kasulu sasa wewe. Gari za kisasa mvuke wa tenki hauachiwi nje, unapelekwa kwenye kopo lenye mkaa ndani, ule mkaa unashika mvuke, injini ikiwa inatembea inaunyonya na kuuchoma. Kopo lile limetengenezwa kwa mvuke tu. Bomba la pampu likishakata lenyewe maana yake petroli imefika kwenye kitundu kilicho nchani mwa lile bomba, gari limejaa. Kama mhudumu anaendelea kubonyeza bonyeza ili hela ifike namba nzima, petroli inapanda kwenye njia ya mvuke, inaingia kwenye kopo ikiwa kimiminika, na ukiwasha injini inavuta petroli tele badala ya hewa. Inalewa mafuta. Ndo hiyo dakika moja ya kunguruma vibaya. Inaweza pia kuwa ile valvu ya kopo imekwama wazi, hapo ingesumbua hata kama hukuongezewa baada ya kukata. Jaribu mara kadhaa ikikata useme basi. Tatizo likiisha ni kujazwa kupita kiasi, lisipoisha fundi aangalie valvu.

#17 MamaK_Kasulu
Asante fundi. Ni kweli yule kijana huwa anabonyeza mpaka ifike elfu themanini kamili, na mimi ndo huwa namwambia asiniachie chenji.

#18 Lumumba_Road
Mmesema usijaze mpaka mdomoni, sawa, sasa niache kiasi gani? Mimi huwa naacha kidole kimoja kutoka kwenye mfuniko na bado inalowa.

#19 FundiKabureta
@Lumumba_Road hili swali ndo la maana kuliko ubishi wetu. Kidole kimoja wapi? Ukiacha kidole ndani ya mdomo hujaacha kitu. Mdomo wa tenki la pikipiki una upana wa sentimita 4 hivi, kina cha kidole kama sentimita 2 na nusu, pima ujazo wake utapata mililita 30 tu. Wewe unahitaji 200. Ukishuka ukaacha petroli chini ya kola, yaani pale tenki linapoanza kuwa pana, sentimita moja tu ya kina inakupa zaidi ya hizo 200 kwenye tenki nyingi kwa sababu ni pana. Kwa hiyo sheria rahisi: ukichungulia, petroli isiguse sehemu ya chini ya kola. Na ujaze ukiwa umesimamisha pikipiki wima kwenye stendi ya kati, ukiwa umeilaza utadanganyika.

Kwa lita 11 maana yake simama kwenye 10 na nusu hivi. Huna haja ya kuweka nusu tenki.

#20 BodaWaIsevya
Nimesoma yote, shukrani. Ni kweli nilikuwa nimelaza kwa stendi ya pembeni wakati wa kupaki. Ila kuna jambo, tangu siku ile nasikia harufu ya petroli hata tenki likiwa na robo. Inawezekana kutanuka kumeharibu kitu?

#21 FundiKabureta
Angalia palipolowa kwanza. Kutanuka kunalowesha kuzunguka mfuniko na kushuka ubavuni, na kunatokea tenki likiwa limejaa tu. Ukiwa na robo tenki na bado inanuka, hiyo haihusiani. Pangusa pakauke, paki kivulini, fungua koki, weka karatasi kavu chini. Karatasi ikilowa chini ya kabureta, hasa pale kwenye kibomba chake cha kumwagia, sindano ya floti haifungi, ina uchafu au imeliwa. Ikilowa kwenye koki, raba ya koki imekufa. Ikiwa kavu kote na bado unasikia harufu, angalia raba ya mfuniko, petroli iliyokaa juu yake muda inaifanya ivimbe, inakuwa haikai sawa.

Usizibe kile kitundu cha mfuniko kwa gundi kama wanavyofanya vijana ili isivuje. Ukikiziba petroli ikipungua hewa haiingii, pikipiki inakata moto barabarani, ukifungua mfuniko inavuta hewa fyuuu halafu inawaka tena.

#22 Msafiri_Nzega
Hiyo ya kukata moto imenipata njia ya Igunga, fundi akaniuzia kabureta nzima. Kumbe mfuniko!

#23 Dr_wa_Injini
@Msafiri ungekuja kwangu ningekuuzia mfuniko tu.

Turudi kwenye hoja. @FundiKabureta dumu la plastiki la Kigoma linaniunga mkono. Plastiki ile inatanuka karibu nusu ya inavyotanuka petroli, kwa hiyo kimiminika kinapata nafasi nusu kutoka kwenye dumu lenyewe. Na bado linavimba na kulia. Nini kinachovimbisha kama sio mvuke?

#24 Boti_Kibirizi
Mimi nakuongezea, dumu ambalo halijajaa nalo linavimba. Likiwa na lita 5 tu ndani likikaa juani linavimba vizuri kabisa. Ila ukilifungua linatoa upepo, halitoi petroli. Lililojaa mpaka mdomoni ndo linaruka petroli.

#25 FundiKabureta
@Boti_Kibirizi umesema kitu hapo. Mvuke unavimbisha, ila kinachotoka kinategemea ulijaza wapi. Ukiacha nafasi juu, upepo ndo unaotoka. @Dr kwenye dumu nakubaliana na wewe zaidi ya nusu, kwenye tenki la bati lisilolegea bado sijakubali.

#26 Mwl_Urambo
Kwa nini tusipime? Tenki kuukuu la pikipiki, maji badala ya petroli, maji hayana hatari. Tujaze mpaka mdomoni tuweke juani shuleni, wanafunzi waone.

#27 Dr_wa_Injini
Mwalimu maji yanatanuka kidogo kuliko petroli, kwenye joto hilo kama theluthi moja hivi, na mvuke wake kwa joto la jua ni mdogo mno. Utaona matone machache tu utasema sisi wote waongo. Dizeli ndo ingefaa, inatanuka karibu sawa na petroli, kama asilimia 85 yake, lakini haitoi mvuke wa maana. Ikimwagika sana ukiiweka juani basi ni kimiminika, fundi atakuwa amenishinda. Ikimwagika kidogo ni mvuke.

#28 FundiKabureta
Hiyo ni haki. Tenki lenye kola, dizeli mpaka mdomoni, stendi ya kati, juani kuanzia saa nne mpaka saa nane, beseni chini kukinga, tunapima kilichomwagika kwa kipimo cha mililita. Halafu tunarudia limelala kwa stendi ya pembeni tuone mabega ya Dr. Lakini utakuwa umebaki na hewa ya kawaida iliyonaswa Dr, hiyo nayo inatanuka, kwa hiyo utatenganisha mvuke tu, hewa bado.

#29 Kamanda_Ipuli
Malori je? Yale matenki yanayokuja Kigoma kutoka Dar yanajaa lita elfu arobaini, yakipita Dodoma mchana si yangemwaga barabara nzima?

#30 DerevaWaSemi
@Kamanda hatujazi mpaka kwenye mfuniko hata siku moja. Kila chumba cha tenki kina alama yake na juu ya alama kuna nafasi, ukipakia kupita alama depo hawakuruhusu kutoka. Piga hesabu ya fundi kwenye lita elfu arobaini, nyuzi 10 tu ni lita 400. Na kuna valvu za kupumulia juu. Usiku tukipaki njiani mafuta yanabana tena, ukipima kwa fimbo alfajiri unaona yameshuka, bosi mgeni anadhani dereva ameuza.

#31 BodaWaIsevya
@FundiKabureta nimeweka karatasi kama ulivyosema, imelowa chini ya kabureta, kwenye kibomba. Kesho napeleka isafishwe sindano. Na tenki la zamani la kujaribia ninalo nyumbani, ni la kola. Mwl ukiwa Tabora mjini niambie, dizeli tutachanga.